Kunasa elektroni au kutoa positroni: jinsi tofauti ya masi za atomu inavyoamua

Kiini cha atomu kilichozidiwa na protoni kina njia mbili za kugeuza protoni moja kuwa nyutroni. Katika njia ya kwanza kiini kinatoa positroni, yaani chembe yenye masi sawa na ya elektroni lakini yenye chaji chanya, pamoja na nyutrino. Katika njia ya pili kiini kinanasa elektroni mojawapo ya atomu yake chenyewe, kwa kawaida ile ya ganda la ndani kabisa linaloitwa K, na kinachotoka kiinini ni nyutrino peke yake. Matokeo ya njia zote mbili ni yaleyale: namba ya atomiki inapungua kwa moja na namba ya masi inabaki ilivyokuwa. Kwa sababu hiyo, mwanafunzi akiambiwa tu kwamba beriliamu-7 imegeuka lithiamu-7, hana namna ya kusema ni njia ipi iliyopitiwa. Inambidi afungue jedwali la masi.

Njia hizi hazikugunduliwa pamoja. Irène na Frédéric Joliot-Curie walikutana na utoaji wa positroni mwaka 1934, walipokuwa wakitengeneza viini vyenye mnururisho katika maabara. Unasaji wa elektroni ulithibitishwa na Luis Alvarez mwaka 1937. Si ajabu kwamba wa pili ulichelewa, kwani positroni huacha alama wazi katika chombo cha kupimia, ilhali nyutrino hupita bila kuonekana, na Alvarez alilazimika kutafuta eksirei hafifu zinazotolewa na atomu baada ya elektroni yake ya ndani kutoweka.

Hesabu ya elektroni

Makosa mengi katika mada hii hayatokani na fizikia ya kiini bali na kutohesabu elektroni vizuri. Masi zilizomo katika majedwali ni za atomu nzima isiyo na chaji: kiini pamoja na elektroni zake zote. Hilo ni jambo la kushukuru, maana atomu ndiyo inayopimwa kwa usahihi mkubwa, lakini linamtaka msomaji ajue kila elektroni iko upande gani wa mlinganyo.

Tumchukue mzazi mwenye namba ya atomiki Z. Masi yake katika jedwali imebeba elektroni Z, na masi ya mtoto wake imebeba elektroni Z − 1. Kiini kinapotoa positroni, elektroni zinazokizunguka haziguswi. Zinabaki Z, ilhali kiini kipya kinahitaji Z − 1 tu ili atomu isiwe na chaji. Elektroni moja imezidi. Tukiandika upande wa mtoto kwa masi ya atomu, basi tutakuwa na atomu ya mtoto, elektroni hiyo iliyozidi, na positroni yenyewe iliyorushwa. Masi mbili za elektroni ni lazima zilipwe kutoka katika tofauti ya masi za atomu kabla hata chembe moja haijapata mwendo wowote, na gharama yake ni 2 × 0.511 MeV, yaani 1.022 MeV.

Katika unasaji hesabu ni nyepesi zaidi. Elektroni moja ya mzazi imeingia ndani ya kiini, zikabaki Z − 1, na hiyo ndiyo idadi ambayo mtoto anaihitaji. Hakuna masi ya kuongeza wala ya kupunguza. Kilichobaki ni pengo katika ganda ambalo elektroni ilitoka, na atomu ya mtoto inaanza maisha yake ikiwa na nishati ya ziada inayolingana na nishati ya kufunga elektroni ya ganda hilo, ambayo tutaiita B. Nishati hiyo hutoka baadaye kama eksirei au kama elektroni nyepesi zinazorushwa kutoka maganda ya nje. Kwa kuwa uniti moja ya masi ya atomu (u) ni sawa na 931.494 MeV, kanuni mbili zinakuwa hizi, ambamo M ni masi ya atomu na Q ni nishati inayobaki baada ya gharama zote kulipwa:

```
Q(kunasa)    = [M(Z) - M(Z-1)] x 931.494 MeV - B
Q(positroni) = [M(Z) - M(Z-1)] x 931.494 MeV - 1.022 MeV
```

Njia inaruhusiwa pale Q yake inapokuwa kubwa kuliko sifuri. Ukitaka kuamua haraka bila kuzidisha, linganisha tofauti ya masi moja kwa moja na 0.001097 u, ambayo ndiyo masi ya elektroni mbili. Tofauti ikiwa hasi, hakuna njia hata moja kati ya hizi iliyo wazi. Ikiwa chanya lakini chini ya 0.001097 u, unasaji pekee ndio unaoruhusiwa. Ikizidi hapo, zote mbili zinaruhusiwa.

Ni vyema kutambua kwamba hakuna eneo la nne. Atomu isiyo na chaji haiwezi kuruhusiwa kutoa positroni ikakatazwa kunasa elektroni, kwa sababu B, hata katika elementi nzito kama urani, ni sehemu ndogo tu ya 1.022 MeV. Swali sahihi, kwa hiyo, haliwi "ni ipi kati ya hizi mbili?" bali "je, positroni nayo imo?"

Beriliamu-7, hatua kwa hatua

Mfano ninaoupendelea ni beriliamu-7, kwa kuwa umekaa ndani ya eneo la kati na unafichua kosa la elektroni papo hapo. Masi ya atomu ya beriliamu-7 ni 7.0169287 u, na ya lithiamu-7 ni 7.0160034 u. Tofauti ni 0.0009253 u. Ni chanya, kwa hiyo beriliamu-7 si imara. Lakini haifiki 0.001097 u, kwa hiyo positroni haiwezekani. Tukizidisha kwa 931.494 tunapata 0.862 MeV. Kwa unasaji, B ya ganda la K katika lithiamu ni kama elektronivolti 55 tu, kiasi kisichobadilisha tarakimu yoyote hapa. Kwa positroni, 0.862 toa 1.022 inatupa −0.160 MeV, na mlango umefungwa.

Sasa tazama kinachotokea kwa mtu anayetoa masi ya elektroni moja badala ya mbili, akidhani kwamba chembe moja imetoka na hivyo inatosha kulipia hiyo moja. Atapata 0.862 toa 0.511, sawa na 0.351 MeV, na atatangaza kwamba beriliamu-7 hutoa positroni. Kanuni ya elektroni moja ni sahihi kwa masi za viini vitupu. Kosa ni kuitumia kwa masi za atomu. Yeyote anayeandaa maswali ya mtihani angefanya vizuri kuitumia beriliamu-7, maana sodiamu-22 au florini-18 zingemwachia mwanafunzi huyo jibu la "inaruhusiwa" ambalo ni sahihi kwa njia isiyo sahihi.

Kinachotokea kweli ni kwamba beriliamu-7 huoza kwa kunasa elektroni peke yake, ikiwa na nusumaisha ya siku 53 hivi. Karibu asilimia 90 ya viini hufikia moja kwa moja hali ya chini kabisa ya lithiamu-7, na nyutrino huondoka na takriban 0.862 MeV yote. Asilimia 10 na kidogo hufikia ngazi ya msisimko ya 0.478 MeV, hapo nyutrino hupata 0.384 MeV iliyobaki, na kiini kinashuka kwa kutoa mwali wa gama wa 478 keV. Kwa kuwa nyutrino haina mwenza wa kugawana naye nishati isipokuwa kiini kizito kinachorudi nyuma kidogo tu, nishati yake ni moja na maalumu. Positroni na nyutrino zinapotoka pamoja, zinagawana nishati kwa mafungu yasiyo sawa, na positroni huonekana na nishati yoyote kutoka sifuri hadi kikomo fulani. Mstari huo wa 0.862 MeV, unaotoka kwenye beriliamu-7 iliyomo ndani ya Jua, ndio uliopimwa na kigunduzi cha Borexino chini ya mlima wa Gran Sasso nchini Italia.

Kuna matokeo mengine ya kufungwa kwa mlango wa positroni. Kiini cha beriliamu-7 kikivuliwa elektroni zake zote hakina cha kunasa, na njia nyingine haipo. Kwa hiyo hakiozi. Ndivyo vilivyo viini vya beriliamu-7 vinavyosafiri angani katika miale ya kosmiki kwa kasi kubwa. Ndani ya Jua pia atomu zimevuliwa, lakini pale kuna elektroni huru zilizosongamana, na kiini hunasa mojawapo ya hizo.

Tarakimu ngapi zinatosha?

Njia rahisi ya kuharibu hesabu hii ni kukadiria masi mapema mno. Chukua chuma-55, ambacho masi yake ni 54.938291 u, na manganisi-55, yenye 54.938043 u. Mtu anayeandika tarakimu tatu baada ya nukta atakuwa na 54.938 pande zote mbili, tofauti sifuri, na atahitimisha kwamba chuma-55 ni imara. Tofauti halisi ni 0.000248 u, sawa na 0.231 MeV, chuma-55 hunasa elektroni na nusumaisha yake ni miaka 2.7 hivi. Tarakimu ya sita baada ya nukta ina thamani ya karibu 1 keV, na kwa maamuzi mengi hapo panatosha. Ukadiriaji uachwe hadi baada ya kutoa, usifanywe kabla.

Ngazi anayofikia mtoto

Kanuni tulizoandika zinalinganisha hali za chini za atomu mbili. Ikiwa mtoto anafikia ngazi ya msisimko, nishati ya ngazi hiyo nayo hutolewa katika Q, na uamuzi hufanywa upya kwa kila ngazi. Sodiamu-22 inalionyesha hili vizuri. Masi yake ni 21.994437 u na ya neoni-22 ni 21.991385 u, tofauti ya 0.003052 u ni 2.843 MeV, na positroni ingeweza kuwa na hadi 1.821 MeV kama kiini kingeshuka moja kwa moja hadi chini. Hata hivyo, karibu uozo wote wa sodiamu-22 unapitia ngazi ya 1.275 MeV ya neoni-22. Zinabaki 1.568 MeV, ambazo bado zinazidi 1.022, na positroni inapata kikomo cha 0.546 MeV. Hicho ndicho kikomo kinachopimwa maabara. Anayekuta 0.546 akiwa anategemea 1.821 asishuku jedwali. Atafute mwali wa gama wa 1275 keV.

Zote mbili zikiruhusiwa

Tofauti ya masi inasema nini kinawezekana, haisemi kila njia itapata fungu gani. Kwa fungu hilo mambo mawili yana uzito mkubwa: nishati iliyobaki juu ya 1.022 MeV, na namba ya atomiki. Nishati ikiongezeka, fungu la positroni hukua upesi. Namba ya atomiki ikiongezeka, elektroni za ganda la K husogea karibu zaidi na kiini na hivyo hunaswa kwa urahisi, wakati huohuo chaji chanya ya kiini ikiizuia positroni ya nishati ndogo kutoka.

Florini-18 na shaba-64 zinatuwezesha kuona athari ya namba ya atomiki peke yake, kwa kuwa nishati zao zinakaribiana sana: tofauti ya masi kati ya florini-18 na oksijeni-18 ni takriban 1.66 MeV, na kati ya shaba-64 na nikeli-64 ni takriban 1.67 MeV. Katika florini, yenye protoni 9, asilimia 97 hivi ya uozo ni kwa positroni na asilimia 3 tu kwa unasaji, ndiyo maana inafaa sana kwa picha za PET hospitalini. Katika shaba, yenye protoni 29, positroni hutokea katika asilimia 17 au 18 ya uozo, na unasaji katika asilimia 43 au 44. Kinachobaki ni uozo wa beta hasi kuelekea zinki-64. Mlango uleule, wenye upana karibu uleule, unapitwa kwa uwiano ulio kinyume kabisa.

Kuna pia sheria za spini, ambazo zinaweza kuifanya njia iliyoruhusiwa na masi kuwa adimu mno. Potasiamu-40 ina masi ya 39.963998 u, na agoni-40 ina 39.962383 u. Tofauti ni 0.001615 u, au 1.504 MeV. Kwa kipimo chetu positroni inaruhusiwa, na ingekuwa na hadi 0.482 MeV. Lakini kufikia hali ya chini ya agoni-40 kunahitaji spini ishuke kutoka 4 hadi 0, na badiliko kubwa kiasi hicho hutokea kwa nadra sana: positroni hutoka mara moja hivi katika uozo laki moja. Ngazi ya 1.461 MeV ya agoni-40, yenye spini ya 2, ni rahisi zaidi kufikiwa, ila juu yake zinabaki 0.044 MeV tu, zisizotosha kabisa kulipia elektroni mbili. Kwa ngazi hiyo unasaji ndio pekee, na huchukua karibu asilimia 10.7 ya uozo wote wa potasiamu-40. Sehemu kubwa iliyobaki huenda kalsiamu-40 kwa beta hasi. Agoni-40 inayokusanyika kwa unasaji huu ndani ya madini ya volkano ndiyo iliyowawezesha watafiti mwaka 1961 kulipa tabaka la chini la Bonde la Olduvai umri wa takriban miaka milioni 1.75, tabaka lilelile ambamo Mary Leakey alikuwa amepata fuvu la Zinjanthropus mwaka 1959.

Kuthibitisha kwa kigunduzi

Positroni hujitambulisha kwa miali miwili ya 511 keV inayotoka pande zinazoelekeana, pale inapokutana na elektroni na zote mbili kutoweka. Unasaji hujitambulisha kwa eksirei za mtoto, si za mzazi, kwa kuwa pengo la elektroni linajazwa baada ya kiini kugeuka. Chuma-55 hutoa eksirei za manganisi za takriban 5.9 keV, ambazo maabara nyingi huzitumia kusawazisha vigunduzi. Katika elementi nyepesi alama hii haifai: eksirei ya lithiamu ni dhaifu kiasi cha kumezwa na sampuli yenyewe, na beriliamu-7 inabidi itambuliwe kwa mwali wa 478 keV.

Hapo kuna mtego. Kati ya 478 na 511 keV kuna pengo la 33 keV tu, na kigunduzi cha sodiamu iodidi hakina makali ya kutenganisha mistari iliyokaribiana hivyo. Vilele viwili huungana kuwa nundu moja, na mtu anaweza kusadiki kwamba ameona positroni za beriliamu-7. Kigunduzi cha jermaniamu huvitenganisha bila shida. Hata mstari halisi wa 511 keV si ushahidi wa kutosha peke yake, kwani mwali wowote wa gama unaozidi 1.022 MeV, ukiwemo ule wa 1461 keV wa potasiamu iliyomo katika kuta za jengo, unaweza kuzalisha jozi ya elektroni na positroni katika risasi inayokinga kigunduzi. Ipimwe kwanza hali ya chumba bila sampuli, kisha ilinganishwe.

B inapokuwa na uzito

Mpaka hapa B imekuwa ndogo kiasi cha kusahauliwa, na kwa maamuzi mengi inaweza kusahauliwa. Kwenye ukingo wa chini haiwezekani. Atomu ya holmiamu-163 inazidi ya disprosiamu-163 kwa takriban 2.8 keV tu, zaidi ya mara mia tatu pungufu ya kinachohitajiwa na positroni. Kufungua pengo katika ganda la K la disprosiamu kunagharimu takriban 54 keV, kwa hiyo elektroni za K haziwezi kunaswa ingawa ndizo zilizo karibu zaidi na kiini. Ganda la L nalo linagharimu zaidi ya 7 keV, na limefungwa vilevile. Ganda la M linaanzia kama 2.0 keV, na ni kutoka hapo kwenda nje tu ambako kiini kinaweza kuchukua elektroni. Nusumaisha yake ni takriban miaka 4,570. Kwa atomu kama hii, kanuni ya kwanza hukokotolewa ganda kwa ganda, na B ya kila ganda huandikwa kwa keV kando ya tofauti ya masi kabla ya kusema kwamba unasaji unaruhusiwa.